Shajara ya mradi: kumtafuta injinia wa hoteli ndani ya LinkedIn, na nani wa kuanza naye (Unguja, Agosti–Oktoba 2024)

5 Agosti 2024: Tunachotafuta

Tuko wawili. Mwenzangu ni fundi wa mabomba, mimi nashughulika na wateja na hesabu. Tunafunga mashine za kulainisha maji magumu. Dar es Salaam kazi yetu imekuwa ya kupewa na watu wanaotufahamu, sasa tunataka hoteli za Unguja, za mwambao wa mashariki na kaskazini, kuanzia vyumba kama 30 hadi 100. Sababu iko ardhini: kisiwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe na chokaa, maji ya visima yanapanda na chokaa hiyo, na ikichemshwa inaganda kwenye koili za hita, kwenye mashine za kufulia na kwenye vichwa vya bafu.

Hoteli tunazijua. Watu wa ndani hatuwajui. Shajara hii ni ya jinsi ya kumpata mtu anayeamua ndani ya hoteli kwa kutumia LinkedIn, na zaidi ya hapo, kumjua wa kumwendea kwanza. Naiandika kwa ajili ya mafundi na wauzaji wengine wadogo walio katika hali kama yetu. Makosa nayaweka yote, maana ndiyo yaliyokula muda.

Bajeti ya kuanzia: akaunti ya bure, bando la mwezi, na saa moja kila asubuhi kabla simu hazijaanza kulia.

7 Agosti: Utafutaji wa kwanza, bure

Niliandika kwenye kisanduku cha juu `hotel manager zanzibar`, nikabonyeza People. Watu walikuja kwa maelfu. Kurasa mbili za kwanza zilikuwa na waongoza watalii, wanafunzi waliosomea uendeshaji wa hoteli, mwenye duka la vinyago, na meneja mmoja wa hoteli ya Arusha aliyewahi kupiga picha Mji Mkongwe.

Kosa langu lilikuwa kutojua kwamba kisanduku cha juu kinasoma wasifu mzima: kichwa cha habari, maelezo, kazi za zamani, hadi masomo. Mtu akiwa na neno "hotel" mahali fulani, "manager" mahali pengine na "Zanzibar" pa tatu, anaingia. Cheo chake cha leo hakihusiki.

Dawa ni kufungua All filters, kushuka hadi chini kabisa kwenye sehemu ya Keywords, na kuandika cheo ndani ya kisanduku cha Title. Hapo kinachotazamwa ni cheo. Nilipoandika `"general manager"` kwenye Title, na Zanzibar kwenye Locations, orodha ilishuka hadi kurasa chache ninazoweza kuzisoma kwa macho. Manaibu nao waliingia, kwa kuwa maneno hayo mawili yamo pia ndani ya cheo chao. Nikaongeza `NOT assistant`, wakatoka.

9 Agosti: Nukuu zilizopinda

Hili limenipotezea asubuhi mbili, kwa hiyo nalieleza kwa urefu.

Nilikuwa naandika mafungu yangu ya maneno kwenye hati ya Word ili nisiyasahau, kisha nayanakili na kuyabandika LinkedIn. Jana fungu fulani lilileta watu 40 hivi. Leo fungu lile lile, neno kwa neno, likaleta mamia, na wa kwanza kabisa alikuwa injinia wa mitandao ya simu. Nilidhani LinkedIn wamebadilisha kitu. Nikafuta vichujio vyote, nikaanza upya, matokeo yakawa hayo hayo.

Jioni nilikuza maandishi kwenye skrini ndipo nikaona. Word inageuza alama za nukuu ziwe zenye mkunjo, zile zinazoinama kulia na kushoto. LinkedIn inatambua zilizonyooka peke yake. Zilizopinda haizihesabu kuwa nukuu, hivyo "chief" na "engineer" yanakuwa maneno mawili yanayoelea, kila moja kivyake. Simu yangu nayo ina tabia hiyo hiyo.

Jinsi ya kugundua: matokeo yakiongezeka ghafla na kuleta watu wenye nusu ya cheo ulichotaka, kagua nukuu kabla ya kugusa kitu kingine. Siku hizi mafungu yangu yako kwenye faili la maandishi matupu, lisilo na urembo wowote.

14 Agosti: Mainjinia wa meli

Mwenzangu alinifungua macho. Nilimwonyesha orodha ya mameneja wakuu nikiwa na furaha, akaniambia: "Dada, hawa hawajawahi kubadilisha koili. Mtafute anayelalamika." Anayelalamika kwenye hoteli ni injinia mkuu, na pale pasipo injinia ni meneja wa matengenezo. Nikaandika hivi:

```
"chief engineer" OR "maintenance manager" AND hotel
```

Wakaja mabaharia. Kwenye meli mkuu wa mitambo naye anaitwa *chief engineer*, na kisiwa chenye boti za abiria na watu wa bahari kama Unguja kinao wengi. Lakini nilikuwa nimeandika "hotel", sasa mabaharia wamepitia wapi?

Wamepitia kwenye mpangilio wa maneno. LinkedIn inasoma kwanza nukuu, kisha mabano, kisha NOT, kisha AND, na OR mwisho kabisa. Kwa hiyo fungu langu lilieleweka hivi: ama injinia mkuu yeyote duniani, ama meneja wa matengenezo mwenye neno hoteli. Sharti la hoteli lilimbana wa pili tu. Mabano yanarekebisha:

```
("chief engineer" OR "maintenance manager" OR "technical manager") AND (hotel OR resort)
```

Maneno AND, OR na NOT yaandikwe kwa herufi kubwa. Nyota ya kukamilisha neno, kama `engineer*`, haifanyi kazi, hivyo kila umbo la cheo liandike lenyewe.

Mabaharia walipungua lakini hawakwisha, kwa sababu wapo waliowahi kufanya kazi kwenye meli za watalii zinazojiita hoteli. Nikaongeza `NOT (marine OR vessel)`, orodha ikatakata. Nikalala nikiwa nimeridhika.

16 Agosti: NOT imekata pazuri na pabaya

Mwenzangu alipoipitia orodha ile safi aliuliza, "Mbona yule wa Matemwe simwoni?" Anamfahamu injinia mmoja wa huko, mtu makini, na wasifu anao. Nikamtafuta kwa jina, nikampata. Nikashuka kwenye kazi zake za zamani: miaka mitano ya mwanzo alikuwa fundi wa injini kwenye boti. Neno *marine* lipo pale, na NOT yangu ilimfuta.

Kisanduku cha juu kinasoma wasifu mzima wakati wa kuongeza, na kinasoma wasifu mzima wakati wa kupunguza. Sasa mafundi wengi wa pwani wamepita baharini kabla ya kuingia hotelini, kwa hiyo NOT yangu ilikuwa inafuta hasa wale wenye uzoefu mrefu. Na aliyefutwa haachi alama yoyote. Nisingemjua kama si mwenzangu.

Tangu leo NOT naitumia ndani ya Title peke yake. Kuwatenganisha mabaharia nafanya kwa kichujio cha Current company: nachagua hoteli ninazozitaka, na asiyefanya kazi hotelini anabaki nje bila kufutwa kwa historia yake.

20 Agosti: Nimegonga ukuta

Asubuhi LinkedIn ilinionya kwamba nakaribia kikomo cha utafutaji wa kibiashara. Mchana kikafika. Akaunti ya bure ina kiasi cha utafutaji kwa mwezi, kisichotajwa kwa tarakimu, na kikiisha matokeo yanafungwa hadi tarehe 1 ya mwezi unaofuata, usiku wa manane wa saa za magharibi ya Marekani. Kwetu inakuwa asubuhi, yapata saa nne au tano. Kumtafuta mtu kwa jina lake hakuhesabiwi, na hilo limeniokoa.

Nilikuwa nimetumia mgao wa mwezi mzima kujifunza nukuu na mabano. Atakayefuata nyayo hizi ajaribu mafungu yake kwa siku mbili tu, halafu asimame afanye kilichonibidi kufanya kwa lazima: kugeuza kazi. Badala ya kuanza na watu nikauliza wako hoteli gani, nilianza na hoteli nikauliza nani yuko ndani.

Nilikaa na ramani ya Google nikapita kijiji kwa kijiji: Nungwi, Kendwa, Matemwe, Kiwengwa, Pongwe, Paje, Jambiani. Kila hoteli iliyoonekana kuwa na vyumba vya kutosha niliiandika, na pembeni idadi ya vyumba kama tovuti yake inaitaja. Zilifika 34. Kazi hiyo ilichukua siku tatu na haikugusa kikomo chochote.

Kwa chache nisizoweza kusubiri nilitumia Google yenyewe:

```
site:linkedin.com/in "chief engineer" "Zanzibar" resort
```

Google inaonyesha kichwa cha wasifu na mistari miwili. Inatosha kupata jina, kisha jina unalitafuta ndani ya LinkedIn. Kasoro yake ni kwamba Google inaweza kuwa na picha ya zamani ya wasifu, mtu amekwisha hama nawe unamwona bado yuko.

2 Septemba: Kuondoa Zanzibar

Mgao umefunguka. Mara hii niliingia na orodha ya hoteli 34 na nikachagua Current company, hoteli tano tano kwa mpigo, ili utafutaji mmoja ufanye kazi ya matano. Kwenye Title niliweka vyeo vya mafundi.

Mwanzoni nilibaki na kichujio cha Locations kikisema Zanzibar, na hoteli nyingi zikatoka tupu. Nilipokiondoa, nne kati ya hizo zikajaza. Mtu amehamia Paje miaka miwili iliyopita lakini wasifu wake bado unasema Mombasa, au Dar, au Tanzania tu. Mahali ni kitu ambacho watu hukijaza siku ya kwanza na kukisahau, ilhali mwajiri hubadilishwa kwa kuwa kila mmoja anataka kazi mpya ionekane. Kwa hiyo kichujio cha mwajiri nakiamini zaidi ya kichujio cha mahali.

Kuondoa mahali kulileta na jambo jingine ambalo sikulitegemea: wakuu wa kundi. Hoteli kadhaa ni tawi la kundi lenye nyumba nyingine bara au Kenya, na mkuu wa ufundi wa kundi anaishi Nairobi au Dar. Kwenye utafutaji wa Zanzibar asingeonekana kamwe.

Kiwengwa ilinipa shida ya lugha. Kule hoteli nyingi zina uongozi wa Kiitaliano, na vyeo vimeandikwa kwa Kiitaliano. Nikaongeza `"responsabile tecnico"` na `direttore` kwenye Title, wakapatikana wawili.

Jumla: hoteli 21 nimepata injinia au meneja wa matengenezo. Zilizobaki 13 ama ni ndogo na mwenye mali ndiye kila kitu, ama fundi wao hayumo LinkedIn. Hizo nimezihamishia kwenye daftari la simu na siziongelei tena hapa.

4 Septemba: Waliohama

Kabla ya kumwandikia injinia yeyote nilipiga simu mapokezi ya hoteli zote 21. Maneno yangu yalikuwa haya: "Habari za kazi. Naomba kuhakikisha, injinia wenu mkuu bado ni bwana fulani?" Mapokezi hujibu bila shida, maana sikuomba namba yake wala kuunganishwa naye. Sita walikuwa wameondoka, mmoja tangu mwaka jana, na wasifu wake bado unasema yupo.

Nikirudi kuwatazama hao sita, dalili zilikuwepo. Wawili wana kazi mbili zote zimeandikwa *Present*. Wengine hawajaandika wala kupongeza chochote kwa zaidi ya mwaka. Simu 21 zimenigharimu chini ya saa mbili na sehemu ya bando la dakika. Nimebaki na 15.

Nimewasoma hao 15 mmoja mmoja hadi chini, na hapo nikaondoa watatu zaidi. Wameandika kwamba wanasimamia mtambo wa kusafisha maji ya chumvi unaolisha hoteli nzima. Maji yanayotoka kwenye mtambo kama huo hayana ugumu tena, na mashine yetu haina kazi pale. Wamebaki 12.

9 Septemba: Nani kwanza? Jibu langu la kwanza lilikuwa kosa

Kila hoteli sasa ina watu watatu hadi watano: meneja mkuu, injinia, mnunuzi, mkuu wa hesabu, na pengine mkuu wa ufundi wa kundi. Mwishoni mwa Agosti nilitengeneza jedwali la alama. Uwezo wa kuidhinisha alama 0 hadi 3, maumivu ya tatizo 0 hadi 3, na njia ya kumfikia 0 hadi 2. Nikajumlisha. Mameneja wakuu wakapanda juu, kwa kuwa wana uwezo na wanaonekana sana mtandaoni.

Nikawaandikia 14. Watatu wa kwanza niliwatumia ombi lenye ujumbe, kisha LinkedIn ikanizuia: akaunti ya bure inaruhusu maombi machache tu yenye ujumbe kwa mwezi. Waliobaki 11 walipata ombi tupu. Watano walikubali, hakuna aliyejibu swali, isipokuwa mmoja aliyenipeleka kwa mnunuzi. Mnunuzi akaomba bei kwa barua pepe, nikatuma, kimya.

Nimefikiri sana kuhusu kimya hicho. Meneja mkuu haoni ukoko kwenye koili, anauona kama mstari wa "matengenezo" kwenye ripoti ya mwezi. Mnunuzi kazi yake ni kulinganisha bei za kitu ambacho mtu mwingine ameshakiomba, na kwetu hakuna aliyekiomba. Jumla ya alama ilikuwa inamruhusu mtu mwenye maumivu sifuri kushinda kwa cheo chake.

Sasa nimeacha kujumlisha. Napanga kwa hatua. Swali la kwanza: nani anaamshwa usiku maji ya moto yakikatika? Huyo ndiye wa kuanza naye, hata kama hawezi kusaini shilingi. Swali la pili, kati ya hao wenye maumivu, nani tuna mtu wa kati naye, yaani ana alama ya *2nd* na aliyetuunganisha ni mtu ninayeweza kumpigia? Hao wanatangulia foleni. Uwezo wa kuidhinisha haumwingizi mtu kwenye foleni, unanionyesha tu nani atafuata baada ya wa kwanza kukubali.

Na mwezi huu una uzito wake. Hoteli nyingi huandaa bajeti ya mwaka ujao Septemba na Oktoba, na injinia ndiye anayeandika orodha ya vifaa vya idara yake. Ukimfikia Desemba amekwisha kuiwasilisha.

11 Septemba: Majaribio ya akaunti ya kulipia

Nimewasha mwezi wa majaribio wa Sales Navigator, kadi imesajiliwa, na nimeweka kengele kwenye simu ya kuufuta siku tatu kabla haujaisha, kwa sababu baada ya hapo, kwa bei ya 2024, ni karibu dola 100 kwa mwezi. Nafurahi sikuuwasha Agosti, ningeuteketeza kwenye nukuu.

Kilichonifaa ni vichujio viwili. Kimoja ni muda ambao mtu amekaa kwenye nafasi yake. Injinia mwenye miezi miwili bado anahesabu pampu zake, wa miezi sita hadi miaka mitatu anajua kinachoharibika na bado anataka kukirekebisha. Cha pili ni kile cha walioandika kitu ndani ya siku 30, maana asiyefungua LinkedIn hatauona ujumbe hata uwe mzuri vipi.

Vichujio vya Function na Seniority level vilinipoteza. LinkedIn yenyewe inakisia idara na ngazi kutokana na cheo, na injinia wa hoteli nilimkuta mara chini ya Engineering, mara chini ya Operations. Nilipochagua Engineering peke yake, wanne kati ya 12 wangu walipotea. Nimerudi kwenye cheo kilichoandikwa na mtu mwenyewe.

Vipo viambatisho vya kivinjari vinavyoahidi kukusanya wasifu kwa mamia. Sikuvigusa. Masharti ya LinkedIn yanavikataza na akaunti hufungiwa, na pia Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Kwenye jedwali langu kuna jina, cheo, hoteli na tarehe ya mazungumzo, basi.

18 Septemba: Hoteli moja kwa undani

Ni hoteli ya mwambao wa mashariki, vyumba 60 na kitu, tawi la kundi. Naieleza bila jina. Current company ilileta watu 46, wengi wahudumu. Wenye uzito walikuwa watano: meneja mkuu mwenye miaka minne pale, injinia mkuu mwenye mwaka na miezi miwili, mnunuzi, mkuu wa hesabu, na mkuu wa ufundi wa kundi aliye Nairobi.

Moyo wangu ulitaka Nairobi. Ndiye anayeidhinisha vifaa vya nyumba zote, ukimpata yeye umepata hoteli nyingi kwa mkupuo. Lakini wiki iliyotangulia nilikuwa nimefanya hivyo hivyo kwa hoteli nyingine. Mkuu wa kundi aliupenda ujumbe, akautuma chini kwa injinia wa hoteli na maneno "liangalie hili". Nilipompigia, injinia alikuwa mkavu. Akasema, "Ninyi mmekwisha ongea na wakubwa, mimi mnanitakia nini?" Kwake tulikuwa tumepeleka mashtaka kwamba kazi yake ina kasoro na yeye hakusema. Nilimwomba radhi, akapokea kwa adabu, na mlango ukafungwa.

Safari hii nilianza na injinia. Wasifu wake ulisema anasimamia pampu za kisima, hita za jua na mashine za kufulia. Hakuna mtambo wa maji ya chumvi. Mtu aliyetuunganisha alikuwa muuzaji wa pampu za mabwawa ambaye mwenzangu amewahi kumfanyia kazi. Nikampigia kwanza muuzaji, nikauliza kama naweza kumtaja. Akasema mtaje. Ujumbe ulikuwa huu:

"Habari za kazi, Injinia. Fulani wa pampu amenielekeza kwako. Tunalainisha maji magumu. Naomba kupima maji ya kisima chenu bure, dakika 20, majibu nakuachia wewe. Wiki ijayo siku gani inakufaa?"

Neno "wewe" pale mwisho niliongeza kwa makusudi baada ya yale ya wiki iliyopita. Majibu ni yake, aamue mwenyewe ampelekee nani. Alijibu baada ya saa mbili: "Karibuni Jumanne."

24 Septemba: Sanduku chini ya meza

Tulipima. Ugumu ulikuwa miligramu 340 kwa lita, na maji yakishapita 180 huhesabiwa magumu sana. Injinia hakushangaa. Aliinama akavuta sanduku la katoni kutoka chini ya meza yake. Ndani kulikuwa na koili tisa zilizokufa tangu Januari, zimevimba na kufunikwa na ukoko mweupe, ukishika moja unadhani umeokota tumbawe ufukweni. Alikuwa anazihifadhi. "Nilijua siku moja nitazihitaji," alisema.

Tukakaa naye tukahesabu koili tisa, saa za fundi na sabuni ya ziada ya kufulia. Hesabu iko kwenye karatasi yenye jina la idara yake, si jina letu. Akauliza yeye mwenyewe: "Hii nimpelekee mkuu wetu wa Nairobi sasa, au nisubiri kikao cha bajeti?" Nikamwambia yeye anamjua kuliko mimi. Aliituma jioni ile ile, pamoja na picha ya sanduku.

30 Septemba: Hesabu hadi leo

Wote 12 nimewaandikia kwa utaratibu huo. Wanane walikubali, watano walijibu, watatu tumewatembelea. Wa pili katika hao watatu ameagiza mashine ndogo kwa ajili ya chumba cha kufulia tu, kwa fedha za matengenezo zilizo chini ya saini ya meneja wake. Wa tatu amekataa: mwenye hoteli anapanga kuuza.

Gharama: bando la intaneti na dakika kwa miezi miwili shilingi 78,000. Boti, daladala na chakula kwa safari mbili, watu wawili, shilingi 284,000. Vifaa vya kupimia ugumu 60,000. Akaunti ya kulipia sifuri, ikiwa kengele itaitikiwa. Muda ndio mkubwa, yapata saa 50, na zaidi ya nusu zilikuwa Agosti.

Waliokubali bila kujibu ni watatu. Hao siwaandikii tena kwa wiki tatu, msimu wa wageni bado umewabana.

14 Oktoba: Nyongeza

Akaunti ya majaribio nimeifuta tarehe 8.

Injinia wa sanduku la koili amepiga simu leo asubuhi. Mkuu wa Nairobi ameweka mashine kwenye rasimu ya bajeti ya 2025, na ameuliza kama maji ya nyumba yao nyingine, iliyoko Pwani ya Kenya, nayo yanaweza kupimwa. Jina la injinia wa kule nimepewa na injinia wa huku. Nimelitafuta LinkedIn: yupo, ana miezi kumi kwenye nafasi yake, na mahali pake bado panasema Nakuru. Nitamwandikia kesho, nikimtaja aliyenipa jina lake.

Rasimu inakwenda kwa wenye mali mwishoni mwa Novemba. Nitaandika tena hapo.